Kitasa, simu na leso: ununue nini mafua yakiingia nyumbani

Mtoto wangu wa darasa la pili alirudi shule Jumatatu, hapa Tabata, kamasi zikimtiririka. Alifungua mlango, akachukua simu ya mama yake kutazama katuni, leso akaitupa kitini. Vitu hivyo vitatu ndivyo vilivyonipeleka dukani, na kila kimoja kilihitaji kitu chake.

Mafua ya kawaida mara nyingi huletwa na rinovirusi. Homa ya mafua, ile inayokulaza kitandani viungo vyote vikiuma, huletwa na virusi vya influenza. Virusi vya influenza vimefunikwa na utando wa mafuta, na sabuni au spiriti ikiuharibu utando huo, vimekwisha. Rinovirusi haina utando huo, kwa hiyo spiriti haiiwezi sana. Ukishajua hili, nusu ya manunuzi umeshaamua.

Vipimo vya maabara vilivyochapishwa mwaka 1982 vilionyesha kuwa influenza huishi saa 24 hadi 48 juu ya chuma cha pua na plastiki, lakini kwenye nguo na karatasi haivuki saa 8 hadi 12. Kutoka kwenye chuma iliweza kuhamia mkononi hata baada ya saa 24. Kutoka kwenye tishu, ni kwa dakika 15 tu. Maabara huweka virusi vingi kuliko vinavyoachwa na kidole cha mtoto, kwa hiyo nyumbani muda huo huwa mfupi zaidi. Hata hivyo mpangilio ni uleule: kitasa na simu kwanza, nguo baadaye.

Ya kwanza: jiki. Kwa kitasa, swichi ya taa na bomba, sijaona cha kuishinda, kwa sababu klorini huua vyote viwili. Nunua chupa yenye lebo inayotaja asilimia na tarehe ya kuisha. Mwaka jana nilipimiwa jiki kwenye chupa ya maji isiyo na lebo, iliyoanikwa juani barazani siku nzima. Nilipoifungua haikunuka karibu chochote. Jua na joto huivunja klorini, nami nilikuwa nimenunua maji ya chumvi.

Ikiwa lebo inasema 3.5%, weka vijiko viwili vya chakula, yaani mililita 30, kwenye lita moja ya maji ya baridi. Utapata takriban 0.1%. Kwanza futa kitasa kwa sabuni, maana jasho na mafuta ya mikono huila klorini kabla haijafika kwenye virusi. Kisha kipake jiki kwa kitambaa kilicholoa na ukiache kimelowana dakika 10. Hapa ndipo wengi tunapokosea: tunapaka na kukausha papo hapo. Mwisho futa kwa maji safi, la sivyo chuma kitaliwa na kutu. Mchanganyiko wa leo usiuweke hadi kesho, na kamwe usiuchanganye na siki wala dawa ya choo yenye asidi, kwani hutoa gesi inayochoma mapafu.

Ya pili: sabuni ya mche. Ndiyo rahisi kuliko zote, na kwa mikono na nguo ndiyo ningeichagua hata kama jiki ingekuwa bure. Rinovirusi ambayo sabuni haiiui, maji yanayotiririka huiondoa. Leso na foronya zifue kwa sabuni, uanike juani, upige pasi. Shuka ambalo halijaguswa tangu jana halikuhitaji dawa yoyote. Muda umeshafanya kazi. Khanga usiitie jiki, rangi itaondoka.

Ya tatu: spiriti ya 70%, kwa simu tu. Jiki itakuharibia kioo. Zima simu, lowesha kitambaa laini, ukikamue, ufute kioo, mgongo na pembe za kava, ukiepuka tundu la chaji. Usimwagie simu yenyewe. Ukiuziwa spiriti ya 95% ukadhani ni bora zaidi, hukauka upesi mno kabla haijafanya kazi. Maji yaliyomo kwenye ile ya 70% ndiyo yanayoisaidia. Dhidi ya influenza ni nzuri sana. Kwa mafua ya kawaida, kinachosaidia zaidi ni ule msuguo wa kitambaa, basi futa kwa nguvu kidogo na urudie.

Ya mwisho: dawa za sakafu za kunukia. Soma lebo. Nyingi hutegemea benzalkoniamu kloraidi, ambayo kwa influenza inafaa, lakini kwa rinovirusi ni dhaifu. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1993, dawa ya jamii hiyo iliipunguza rinovirusi kidogo tu, wakati klorini iliyochanganywa vizuri na kuachwa dakika 10 iliiondoa karibu yote. Harufu nzuri ya sakafu isikufanye ukaruka kitasa.