Miezi minane na programu ya kusawazisha matangazo: nyota tatu kati ya tano

Nashona bidhaa za ngozi na kuziuza Amazon, eBay na Etsy. Nina aina arobaini hivi, na kila aina ina rangi mbili au tatu. Kabla ya programu hii nilikuwa nanakili tangazo kwa mkono kutoka soko moja kwenda jingine, na kila nikibadilisha kitu sehemu moja nilisahau kwingine. Ndipo nikalipia programu inayoahidi kwamba unaandika bidhaa mara moja, yenyewe inasambaza kotekote. Jina lake silitaji, maana nilizungumza na wenzangu wanaotumia za kampuni nyingine na kasoro nitakayoieleza wameikuta huko pia. Ukiijua, utaweza kuikagua kwenye programu yoyote uliyonayo.

Nianze na uzuri, maana upo. Stoki inasawazishwa vizuri sana. Kitu kikinunuliwa Etsy, baada ya dakika chache idadi imeshapungua kule kwingine, na tangu nianze sijauza kitu kimoja kwa watu wawili. Kinachounganisha matangazo yote ni SKU, ule msimbo unaoupanga mwenyewe. Ukiuandika sawasawa kila mahali, programu inajua kwamba matangazo haya matatu ni kitu kimoja. Hapo sina neno.

Tatizo liko kwenye maandishi. Kila soko lina kikomo chake cha jina la bidhaa. eBay inakupa herufi 80, Etsy 140, na Amazon 200 kwa bidhaa nyingi, nafasi na alama zikihesabiwa. Programu inakupa kisanduku kimoja cha jina na kukuachia uandike utakavyo, halafu yenyewe inajua la kufanya. Au niseme, inadhani inajua.

Jina la kava langu la daftari lilikuwa hivi (nimeliweka kwa Kiswahili ili uweze kuhesabu pamoja nami):

```
Kava la daftari la ngozi halisi ya ng'ombe, saizi A5, kahawia iliyokoza, daftari halimo
```

Hizo ni herufi 87. Amazon na Etsy linaingia bila shida. eBay ingelikataa, kwa hiyo programu, ili tangazo lisirudishwe, ilikata kila kilichozidi 80 bila kuniambia. Sasa tazama kilichobaki:

```
Kava la daftari la ngozi halisi ya ng'ombe, saizi A5, kahawia iliyokoza, daftari
```

Herufi 80 kamili. Bahati mbaya iliyoje! Lingekatika katikati ya neno ningelishtukia siku ya kwanza, maana jina linaloishia kwa "daft" halijifichi. Hili lilikatika safi kabisa, na neno moja lililodondoka ndilo lililokuwa likimwambia mteja kwamba ananunua kava tupu. Jina halikufupishwa tu. Lilianza kusema uongo. Msomaji yeyote ataelewa kwamba daftari limo.

Mteja wa kwanza aliniandikia kwa upole: "Habari, kava limefika na ni zuri, ila daftari lenyewe sijaliona kwenye boksi. Litakuja peke yake?" Nikadhani hakusoma vizuri. Nikamjibu kwamba imeandikwa wazi kuwa halimo, tena kwa sauti ya mtu aliyeonewa, jambo ninaloliona aibu mpaka leo. Wa pili alirudisha mzigo. Wa tatu aliporudisha na kuchagua sababu ya "si kama ilivyoelezwa", nikafungua tangazo lenyewe kule sokoni, si kwenye programu, na nikaliona. Kwenye dashibodi ya programu jina lilikuwa bado refu, lenye "halimo" yake, na alama ya kijani pembeni.

Laiti mambo yangeishia hapo. Programu hii ina mpangilio wa kusawazisha pande mbili, na unakuja ukiwa umewashwa. Maana yake ni kwamba ukibadilisha kitu ndani ya soko lenyewe, programu inakivuta na kukiweka kwenye rekodi yako kuu. Nikiwa na haraka niliingia eBay moja kwa moja nikashusha bei ya kava. Programu ikaona tangazo limebadilika. Haikuvuta bei peke yake, ilivuta tangazo zima, na jina lililokatwa likiwemo. Likakaa juu ya jina langu refu kwenye rekodi kuu, kisha likasukumwa Etsy na Amazon. Kesho yake masoko yote matatu yalikuwa na jina la herufi 80 linaloishia kwa "daftari". Kufanana yalifanana kabisa! Mizigo iliyorudi kwa kosa hili, nikijumlisha masoko yote, ilifika sita.

Niliwaandikia watoa huduma. Dada aliyenijibu alinisikiliza vizuri, sikufichi. Akasema, "Ndugu mteja, huo ukataji unaweza kuuzima. Ukiuzima, jina likizidi mfumo utagoma kutuma na utakuonyesha kosa kwa rangi nyekundu." Nikamuuliza kwa nini basi usiwe umezimwa tangu mwanzo. Akanijibu kwamba wateja wengi hulalamika wanapoona nyekundu nyingi siku ya kwanza. Namwelewa, lakini mimi naona afadhali nyekundu mia moja siku ya kwanza kuliko kijani cha uongo miezi mitatu.

Sasa natumia hivi. Ukataji nimeuzima. Usawazishaji wa maandishi ni wa upande mmoja tu, kutoka rekodi kuu kwenda masokoni, na stoki pekee ndiyo inayopita pande zote. Bei siigusi tena ndani ya soko lolote, hata nikiwa na haraka.

Kubwa zaidi ni namna ninavyoandika jina. Zamani nilianza na refu halafu nikapunguza. Sasa naanza na kikomo kidogo kuliko vyote, yaani 80, na kabla ya kuandika najiuliza ni neno gani likikosekana jina litadanganya. Hilo linakwenda mbele. Kava likawa:

```
Kava la daftari A5 (bila daftari), ngozi halisi ya ng'ombe, kahawia iliyokoza
```

Herufi 77. Hili ni shina, na kila soko linalipata neno kwa neno. Kwenye Etsy na Amazon naongeza mkia: mfuko wa kalamu, kifungo cha shaba. Mkia ukikatika, mteja hajadanganywa, amekosa sifa moja tu. Ila nao una mtego wake. Tangu Januari 2025 Amazon hairuhusu neno lile lile kutokea zaidi ya mara mbili kwenye jina, ukiacha viunganishi na vihusishi. Shina langu lina "daftari" mara mbili tayari. Nilipoongeza mkia wa "kwa daftari la kushonwa" nikavuka, ikabidi niutoe. Kwa hiyo kufuata kikomo cha 200 peke yake hakutoshi.

Ukaguzi naufanya nje ya programu, maana dashibodi nimeshaacha kuiamini kwa jambo hili. Kila Ijumaa napakua ripoti ya matangazo yaliyo hewani kutoka kila soko na kuiweka kwenye spredishiti karibu na rekodi yangu. Safu ya B ina shina, C ina jina lililopo sokoni.

```
=IF(LEN(B2)>80,"IMEZIDI "&LEN(B2)-80,"SAWA")
=IF(LEFT(C2,LEN(B2))=B2,"SAWA","ANGALIA")
```

Mstari wa kwanza unakagua urefu wa shina. Wa pili unauliza kama jina la sokoni bado linaanza na shina langu zima, mkia ukiwepo au usiwepo. Ipo pia dalili inayoonekana hata bila fomula: jina lolote hewani lenye herufi 80 kamili ni la kutiliwa shaka, maana ni nadra mtu kuandika akaishia mpakani kwa bahati. Nilipopanga matangazo yangu yote kwa urefu nilikuta mengine manne yamekaa kwenye 80. Mojawapo lilikuwa la mkanda, lililopoteza urefu wake wa sentimita.

Kuna kisanduku kimoja ambacho LEN haikusaidii: maneno ya utafutaji ya Amazon, yale mteja asiyoyaona. Kile hupimwa kwa baiti, na mwisho wake ni chini ya 250. Herufi za kawaida ni baiti moja moja, kwa hiyo huoni tofauti, mpaka uandike kwenye programu ya maandishi inayogeuza king'ong'o cha "ng'ombe" kuwa alama iliyopinda. Alama hiyo moja ni baiti tatu. Neno linabaki herufi saba machoni, lakini kwa mfumo ni baiti tisa. Nilipitisha kikomo hivyo bila kujua, na programu ikaweka kijani chake kilekile. Sasa naandika alama iliyonyooka tu.

Maelezo marefu sijayatatua. eBay inakubali HTML, mradi hakuna skripti ndani. Etsy inataka maandishi matupu, na Amazon iliacha kupokea HTML kwenye maelezo mwaka 2021. Programu ilichukua maelezo yangu ya eBay ikayapeleka Etsy kama yalivyo, na wateja wakasoma `<li>` na `</b>` katikati ya sentensi kwa wiki nzima. Wanasema toleo lijalo litasafisha. Kwa sasa maelezo nayaandika matupu, aya fupifupi, nayatumia yale yale kotekote, na eBay inakosa urembo wake. Hakuna aliyewahi kulalamikia urembo.

Tagi za Etsy nazo naziweka kwa mkono. Ziko 13, kila moja isizidi herufi 20, na "kava la daftari la ngozi" ina 24. Programu haikuikata wala kuikataa. Iliitupa tu, nikawa natembea na tagi 12.

Nyota moja nimeitoa kwa ukataji wa kimyakimya, nyingine kwa usawazishaji wa pande mbili uliowashwa bila kuulizwa. Tatu zilizobaki ni za stoki, na za dada yule wa huduma. Nimelipia mwaka mwingine.