Programu ya kukata PDF kwa alamisho: imenikatia hitimisho la sura

Nina hasira, na nitaeleza kwa nini. Programu hii ya kulipia inajitangaza kwamba inagawa ripoti ndefu kwa sura, ikifuata alamisho zilizomo ndani ya faili. Unachagua ngazi ya kwanza ya alamisho, unabonyeza, na kufumba na kufumbua faili zimejipanga kwenye folda, kila moja ina jina la sura yake. Kwa kasi, sina neno. Hapo ningeipa alama zote.

Kisha fungua faili ya Sura ya 3 usome mwisho wake. Sentensi inakatika katikati. Mapendekezo yote ya sura hayapo.

Ripoti ina kurasa 186. Alamisho ya Sura ya 3 inaelekea ukurasa wa 61 na ya Sura ya 4 inaelekea ukurasa wa 88. Programu ikatoa 61 hadi 87. Lakini katika ripoti hii Sura ya 4 haianzi juu ya ukurasa. Inaanza katikati ya ukurasa wa 88, na nusu ya juu ya ukurasa huo ndiyo yenye mapendekezo ya Sura ya 3. Sasa yamekaa kichwani mwa faili ya Sura ya 4, yakionekana kama ya sura hiyo. Aliyepewa Sura ya 3 peke yake hatajua kwamba amekosa kitu.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba ukihesabu kurasa za faili zote, jumla inatimia 186. Hakuna ukurasa uliopotea, kwa hiyo ukaguzi wa kawaida hauonyeshi kasoro.

Huduma kwa wateja wakanijibu kwa mstari mmoja mkavu kwamba alamisho za faili yangu ni mbovu. Nusu ya jibu hilo ina ukweli, siwezi kukataa. Alamisho ya PDF huonyesha mahali sura inapoanzia tu. Haisemi inaishia wapi. Kwa kawaida programu hukisia mwisho kwa kuangalia alamisho inayofuata na kurudi nyuma ukurasa mmoja. Sura zote zikianza kwenye ukurasa mpya, makisio hayo hayakosei, na kwa ripoti za namna hiyo programu hii inafaa kabisa.

Lakini mbovu? Hapana! Chungulia alamisho zenyewe kwa qpdf, ambayo ni ya bure:

```
qpdf --json --json-key=outlines ripoti.pdf
```

Tafuta Sura ya 4. Kwenye `destpageposfrom1` utakuta 88, na kwenye `dest` utakuta `/XYZ` ikifuatiwa na namba. Ya pili kati ya hizo, hapa 410, ni kimo kinachopimwa kutoka chini ya ukurasa. Ukurasa wa A4 una kimo cha pointi 842, kwa hiyo 410 ni katikati. Ingekuwa 760 hivi, kichwa cha sura kingekuwa juu kabisa. Taarifa ilikuwemo ndani ya faili muda wote, programu haikujishughulisha kuisoma, halafu lawama anatupiwa mteja! Alamisho yenye `/Fit` ndiyo isiyobeba kimo. Hiyo ukague kwa macho.

Dawa ni kuuweka ukurasa wa mpakani katika faili zote mbili:

```
qpdf --empty --pages ripoti.pdf 61-88 -- sura3.pdf
qpdf --empty --pages ripoti.pdf 88-121 -- sura4.pdf
```

Jumla ya kurasa sasa lazima izidi 186, ukurasa mmoja kwa kila mpaka wa namna hii. Isipozidi, kuna mkia wa sura umekatwa. Ile `--empty` inazuia alamisho za ripoti nzima zisiburuzwe hadi kwenye kila kipande, zikabaki zinaelekeza kwenye kurasa ambazo hazimo. Na namba za kuandika ni za mpangilio ndani ya faili, si zile zilizochapwa chini ya ukurasa: ukurasa huu wa 88 umechapwa 76, kwa sababu kurasa 12 za mwanzo zimepewa namba za Kirumi.

Nilitaka kuipa nyota tatu kwa ajili ya kasi. Naipa moja. Wakiongeza kisanduku kimoja tu cha kuuliza kama ukurasa wa mpakani urudiwe pande zote mbili, nitaibadilisha siku hiyo hiyo.