Hilux niliyoiinua na kuiwekea tairi kubwa: dizeli inakwenda wapi

Nina Hilux ya dizeli yenye injini ya lita 3.0, giya za mkono, kabini mbili. Kazi yake ni viazi: nanunua Kikondo na Kitulo, napeleka Mbeya mjini, na kila baada ya wiki mbili nakwenda Makambako na kurudi. Mwaka jana kabla ya masika niliipeleka gereji ikainuliwa inchi 2 kwa springi na shokapu mpya, kisha nikatoa tairi za 265/65R17 zilizokuja nayo na kufunga za matope za 285/70R17. Makorongo yanayochimbwa na Fuso njia ya Kikondo yalikuwa yamenichosha. Fundi alinieleza vizuri habari za nguvu na mwonekano, ila habari ya mafuta hakuigusa, nami sikuuliza.

Safari ya kwanza ya Makambako ilinishtua. Gari iliyokuwa ikinipa kilomita 10.9 kwa lita, dashibodi ilinionyesha 8.7. Nilidhani nozeli zimekufa. Nilirudi gereji, wakapima, nozeli ni nzima. Hapo nikaamua kupima mwenyewe, kwa sababu dizeli ndiyo inayokula faida ya gunia.

Kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba dashibodi yenyewe ilikuwa inanidanganya. Gari huhesabu kilomita kwa mizunguko, haioni barabara. Tairi ya zamani ina kipenyo cha karibu milimita 776, mpya karibu 831, yaani imezidi kwa asilimia 7. Kila mzunguko mmoja sasa unafika mbali zaidi, lakini mita bado inaandika umbali wa tairi ndogo. Safari ambayo zamani iliandikwa kilomita 350, sasa inaandikwa 327, na mji haujasogea. Kwa hiyo usigawanye namba ya dashibodi kwa lita kabla hujaizidisha kwa 1.07. Nilijaza lita 37.5, ukigawanya 327 unapata 8.7, ukigawanya 350 unapata 9.3. Hasara ipo, na ni kubwa, lakini robo yake hivi ilikuwa ya kwenye karatasi tu.

Spidi nayo imebadilika vilevile. Mshale ukisoma 80 unakwenda kasi zaidi kuliko zamani ukisoma 80 hiyohiyo. Kwenye vijiji vya 50, mbele ya trafiki mwenye tochi, jambo hili linahitaji akili. Na kwa mafuta pia lina uzito, maana upepo unaolikaba gari hauongezeki sawasawa na spidi: spidi ikiongezeka mara mbili, ukinzani wa upepo unaongezeka mara nne.

Baada ya hapo nilitaka kujua nani anakula zaidi, tairi au kuinuliwa. Nilirudisha tairi za zamani, bodi nikaiacha juu, nikaenda Makambako tena: mzigo uleule, sheli ileile na pampu ileile, mjazo unaoishia pampu inapokata mara ya kwanza bila kulazimisha (dizeli ina povu, ukilazimisha unajidanganya), na upepo wa tairi uliopimwa asubuhi tairi zikiwa baridi. Kabla ya kubadilisha chochote nilikuwa natumia lita 32. Bodi ikiwa juu na tairi za zamani, lita 33.7. Vyote viwili, lita 37.5. Nilirudia kila safari mara mbili, na tofauti haikuzidi nusu lita.

Kumbe kuinua peke yake kulinigharimu chini ya lita 2, na kiasi hicho kinategemea mguu. Bodi ikipanda, upepo mwingi zaidi unaingia chini na kugonga ekseli, propela na chesisi. Ukitembea 80 huioni sana. Ukitembea 110 kwenye tambarare ya Igawa utaiona.

Lita karibu 4 zilizobaki ni za tairi. Niliipima moja pamoja na rimu kwenye mizani ya viazi: ya zamani kilo 29, mpya 38. Uzito huo uko ukingoni mwa gurudumu, unatakiwa uzungushwe kila unapoondoka na kutupwa kila unapofunga breki. Meno makubwa ya matope nayo yanajikunja na kujikunjua kwenye lami; ndiyo ule mvumo unaousikia, na mvumo huo ni dizeli. Kisha kuna giya. Tairi kubwa ni sawa na kuirefusha kila giya kwa asilimia 7. Kwenye Mlima Nyoka nilikuwa napanda na giya ya nne. Sasa injini inazama chini, inatoa moshi mweusi, nashuka hadi ya tatu. Ukiona moshi huo mahali ambapo hapakuwa na moshi, usikimbilie nozeli. Shusha giya mapema.

Sasa fowili, maana wengi huilaumu hiyo kwanza. Kwenye matope ya Kikondo, H4 haijawahi kunitia hasara. Tairi mbili za nyuma zikizunguka bure mahali pamoja zinachoma dizeli bila kukusogeza hata mita. Nne zikishika, unapita. L4 inakunywa kwa kilomita, kweli, kwa sababu injini inazunguka sana huku gari likitambaa, lakini unaitumia mita mia chache tu.

Hasara ni kuisahau. Kijana wangu alitoka Kikondo na mzigo, akaingia lami pale Isyonje, manyunyu yanaanguka, akaiacha H4 hadi Uyole. Fowili ya Hilux hii haina difu ya kati: mbele na nyuma vinafungwa vizunguke sawa. Kwenye kona magurudumu ya mbele yanapita njia ndefu zaidi, na kwenye matope tofauti hiyo inaisha kwa kuteleza. Lami haitelezi, basi vyuma vinajisokota na tairi zinajisugua. Alisema, “Bosi, usukani mzito, gari kama limeshikwa breki, na kijiti hakitoki.” Nilimwambia arudi nyuma mita chache akiwa amenyoosha usukani, msokoto ukalegea, kijiti kikatoka. Mwenye pikapu ya zamani ya kufunga loki kwa mkono kwenye magurudumu ya mbele akumbuke pia kuzifungua akishika lami. Zikibaki zimefungwa, difu na propela ya mbele vinazungushwa bure hata akiwa H2.

Kilichoniuma zaidi nilikigundua nikiwa chini ya gari na rula. Ekseli ya nyuma ni bomba moja na difu iko katikati yake, imekaa juu ya magurudumu. Springi zimeinua bodi, difu haikupanda hata kidogo. Kinachoipandisha ni tairi tu, tena nusu ya ongezeko la kipenyo: sentimita 2.7. Kwa dizeli ya shilingi 2,800 kwa lita niliyonunua siku ile, lita 5.5 za ziada ni shilingi 15,400 kila safari ya Makambako. Mwezi wa Januari, korongo likiwa limejaa maji, sentimita hizo zimenivusha mara mbili mahali ambapo difu ingelala juu ya tuta. Mwezi wa Agosti hazina kazi.

Bodi nimeiacha juu. Tairi za zamani ndizo zinazofungwa tangu Juni hadi Novemba, na zile kubwa nilizinunulia rimu zake, zinakaa stoo zikisubiri mvua. Kubadilisha zote nne kwa jeki ya nyumbani ni kazi ya kama saa moja. Juu ya mita nimebandika kipande cha karatasi kilichoandikwa 1.07, nakibandua siku tairi ndogo zinaporudi.