Miezi saba ya uanachama wa kulipia YouTube: ngazi ya kati ilinitosha

Nashona nguo jioni baada ya kazi, hapa Leicester, na kuna fundi mmoja namfuatilia YouTube kwa sababu anakata kitambaa polepole hadi unaona mkasi unapopita. Alipoweka kitufe cha Jiunge aliweka ngazi tatu: paundi 1.99, 4.99 na 9.99. Ya kwanza ni beji kando ya jina lako na emoji zake. Ya pili inaongeza video za wanachama pekee na pateni za kuchapisha. Ya tatu ni laivu ya kila mwezi ambamo anakagua picha za kazi zenu. Anayelipa ngazi ya juu anapata na ya chini yote.

Nilianzia ya kati, na nilitaka kujua hela yangu inamfikia kiasi gani. Katika hiyo 4.99, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20 inatoka kwanza, kama peni 83. Kinachobaki YouTube wanachukua asilimia 30, yaani paundi 1.25. Fundi anabaki na 2.91. Asilimia 70 inayotangazwa kuwa ya mwenye chaneli, kumbe, ni ya kilichobaki baada ya kodi. Ukijiungia ndani ya aifoni, duka la Apple nalo lina makato yake, kwa hiyo mimi nilijiunga kwenye kompyuta.

Mwezi wa tatu nikapanda ngazi ya juu. Mabadiliko yalikuwa papo hapo, na nilikatwa tofauti ya bei kwa siku zilizobaki za mwezi tu. Nilikuwa na gauni ambalo mkono wake ulikuwa unavuta kwapani, na nilituma picha mbili. Laivu ilikuwa ya saa moja, sisi tuko wengi, na gauni langu halikufikiwa. Mwezi uliofuata lilifikiwa: akasema shimo la mkono nimelikata juu mno, nishushe sentimita moja na nusu. Nilishusha, likakaa. Lakini nilikuwa nimelipa karibu paundi ishirini kwa dakika nne. Simlaumu, pateni moja inapakuliwa na watu elfu bila kumchosha, ila macho yake ni mawili.

Nikarudi ngazi ya kati. Kushuka hakufanyiki hapo hapo, kunasubiri tarehe ya malipo yajayo, kwa hiyo laivu ya mwisho niliihudhuria.

Chaneli nyingine niliyolipia, ya mapishi, ilinyamaza miezi miwili huku kadi yangu ikiendelea kukatwa. Siku hizi kabla ya kulipa nafungua sehemu ya wanachama ya chaneli husika. Video huwezi kuzitazama, lakini vichwa vyake unaviona pamoja na muda tangu ziwekwe. Kama ya karibuni ina miezi mitatu, nafunga.