Mtoto akichelewa: adhabu getini au mazungumzo darasani?

Walimu wa Urambo na Kaliua, mkoani Tabora, hulijadili hili kila msimu wa tumbaku, watoto wanapoamkia shambani kabla ya shule.

Adhabu ya getini ni ya haraka: mwalimu wa zamu mmoja anamaliza watoto thelathini kwa dakika kumi. Kwa anayechelewa kwa kucheza njiani, hufanya kazi. Lakini nimemwona mvulana wa darasa la tano, vidole vimenata utomvu wa tumbaku, akichungulia geti kutoka nyuma ya mwembe. Alipomwona mwalimu ameshika fimbo, akageuka. Kuchelewa kwa nusu saa kukawa utoro wa siku nzima. Dalili iko kwenye daftari la mahudhurio: waliochelewa wanapungua, wasiofika wanaongezeka.

Mazungumzo yanakula muda. Mwalimu wa darasa anamwita mtoto pembeni, anamuuliza kilichomchelewesha, kisha anampa daftari la mwenzake anakili alichokosa. Mtoto anayejua jina lake litaulizwa asipokuwepo hurudi kesho yake, na hunyoosha mkono hata akiwa hana uhakika wa jibu. Ila mazungumzo hayaondoi kazi ya shambani. Hapo lazima mzazi aitwe.

Ukiwa na wanafunzi mia na ishirini peke yako, anza na wale watano wanaochelewa kila siku. Wachelewaji wengine wapewe kazi ya kufagia wakati wa mapumziko, wasikose kipindi. Ukiwa na arobaini, zungumza na wote wanaochelewa.