Skana ya LiDE 300: acheni kuskani vyeti kwa DPI 600!

Haya mambo vipi wapendwa, karibuni tena kwenye chaneli, na leo nimekuja na hasira kidogo ila hasira yangu haiko kwa hii mashine hapa mezani. Hii ni Canon LiDE 300, ile nyembamba inayokula umeme kutoka kwenye waya huohuo wa USB, sifa zake zingine mnazijua, sitapoteza muda. Inaskani A4 ya rangi kwa DPI 300 kwa kama sekunde kumi, basi, inatosha.

Kilichonikera ni hiki. Juzi mdogo wangu kaenda steshenari moja kuskani vyeti kwa ajili ya maombi ya kazi, vyeti sita. Tangazo limesema waziwazi vyeti vyote viwe kwenye PDF moja isiyozidi MB 2. Karudi na flashi ina JPEG sita, kila moja inacheza kwenye MB 3, zote zimeskaniwa DPI 600 kwa rangi. Kamuuliza kijana pale dukani, akamwambia nimekuwekea kubwa ili itoke safi. Halafu usiku wa siku ya mwisho tunahangaika wote wawili, kaka fanya hivi, kaka jaribu vile, tukaingia kwenye zile tovuti za kubana PDF, ikatoka KB 700 lakini namba ya cheti haisomeki, 8 na 3 zinafanana kabisa. Hapo ndo nikasema hii video lazima niifanye.

Ngoja niwaoneshe, na hapa nitakaa sana, mnivumilie. DPI ni nukta ngapi skana inazisoma ndani ya inchi moja. Sasa watu wanadhani ukitoka 300 kwenda 600 faili linakuwa mara mbili. Hapana! Karatasi ina upana na ina urefu, kwa hiyo nukta zinaongezeka pande zote mbili, zinakuwa mara nne. A4 kwa 300 ni nukta 2480 kwa 3508, yaani kama milioni 8.7, na kwa rangi kila nukta inabeba baiti tatu, kwa hiyo kabla ya kubanwa hiyo kurasa moja ni kama MB 26. Peleka 600, ni MB 104. Kurasa moja! JPEG ndo inakuja kuibana hiyo mpaka ikawa MB moja au tatu, ila mzigo umeanzia pale.

Angalia hapa kwenye skrini, nimeskani cheti kilekile mara tatu. Hii ya 150, imetoka KB 260. Hii 300, imetoka KB 920. Hii 600, MB 3.1. Kwako namba zitatofautiana kidogo kwa sababu cheti chenye maua maua nyuma kinakuwa kizito kuliko karatasi nyeupe. Sasa navuta karibu hapa kwenye yale maandishi madogo ya chini. Kwenye 150 unaona herufi e, lile tundu lake limeziba, imekuwa kama doa. Kwenye 300 tundu liko wazi. Kwenye 600 tundu liko wazi vilevile, ila sasa naona na nyuzinyuzi za karatasi na vumbi la kioo, nani ameomba nyuzinyuzi? Afisa anayepokea maombi hana kazi nazo.

Halafu kuna hili la PDF na JPEG, komenti zimejaa nyingi, "kaka nikibadilisha iwe PDF si itapungua?" Haipungui ndugu yangu. PDF ya skana ni kama bahasha. Ndani ya bahasha mara nyingi kuna picha ileile ya JPEG. Ukiweka JPEG ya MB 3 kwenye bahasha umepata bahasha ya MB 3. Faida ya PDF ni kwamba bahasha moja inabeba kurasa nyingi kwa mpangilio wake, na ikifunguliwa inajua kwamba hii ni A4, ukiprinti inatoka saizi yake. JPEG faili moja ni kurasa moja, na mtu akikutumia WhatsApp kama picha ya kawaida inabanwa tena, maandishi yanazungukwa na ule uchafu uchafu. PDF ikitumwa kama dokumenti inafika kama ilivyotoka.

Na hapa ndo naipendea hii mashine, kwenye programu yake ya IJ Scan Utility, unaingia Settings, kwenye Data Format kuna JPEG/Exif, TIFF, PNG, PDF, na hii hapa chini, PDF (Multiple Pages). Chagua hiyo! Unaweka cheti cha kwanza, ikimaliza inakuuliza unaendelea au umemaliza, unabadilisha karatasi, unaendelea, mwisho inatoka PDF moja. Hakuna kuunganisha unganisha baadaye.

Tufanye sasa vile vyeti sita. Kwa 300 rangi, 920 mara sita, tumeshavuka MB 5. Imekataa. Nashuka 200, nukta zinabaki chini ya nusu, kila kurasa kama KB 410, mara sita ni karibu MB 2.5, bado. Hapo nabadilisha Color Mode naweka Grayscale. Nilikuwa nadhani itashuka mpaka theluthi kwa sababu baiti tatu zinakuwa moja, lakini JPEG rangi huwa inaibana sana yenyewe, kwa hiyo nimepata KB 310 tu. Haya, mara sita ni MB 1.86. Imepita! Na ile e, angalia, tundu bado lipo. Kusema kweli nilianza hii video nikiwa mtu wa 300 kwa kila kitu, ila kwa maandishi ya kawaida hii 200 imenishawishi.

Ila msiguse Black and White kwenye vyeti, jamani. Faili linakuwa dogo sana ndiyo, kwa sababu kila nukta ni nyeusi au nyeupe, hakuna katikati. Sasa mhuri wa wakili wa buluu iliyopauka, angalia hapa, nusu ya duara imepotea na tarehe haipo. Nakala iliyothibitishwa bila tarehe ya mhuri watakurudishia. Na kama kila cheti kina sehemu yake ya kupakia, weka 300 rangi tu, hapo nafasi unayo.

Kuna watakaosema simu inatosha. Inatosha ukiwa safarini, ila kivuli cha mkono na ile pembe kupinda, na hiyo simu haijui inchi ya karatasi iko wapi. LiDE 400 nayo inafika 4800, hii inaishia 2400, kwa vyeti huwezi kuona tofauti. Bei nimezunguka Kariakoo maduka matatu, kila mmoja na yake, na tofauti ni pesa ya kula wiki nzima, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa.

Picha za zamani za wazee, hizo ni habari nyingine, hapo ndo 600 na TIFF zina kazi, na PDF hapana. Nina albamu ya bibi hapa, video ijayo tunaifungua. Sabskraibu, na kabla hujatuma maombi fungua ile PDF, ivute karibu, usome namba ya cheti na tarehe ya mhuri kwa macho yako.