Kununua kionyeshi cha kasi cha kwenye kioo cha mbele: kipi kwanza, kipi mwisho, na miwani ipi uvae

Mtu anatoka Uyole saa kumi na moja jioni kuelekea Mbalizi, jua liko usoni. Anavaa miwani yake ya jua ya polaraizi, na tarakimu za kasi zilizokuwa zikielea juu ya boneti zinapotea. Anapandisha mwangaza hadi mwisho, hakuna kitu. Wengi hapo hufikia uamuzi kwamba kionyeshi kimekufa, na gari hupelekwa kwa fundi umeme ambaye hatakuta ubovu wowote. Kwa hiyo kabla ya kupanga ni kipi cha kununua, tuanze na kioo na miwani, maana ndivyo vinavyoamua.

Kionyeshi hiki, ambacho kwenye vitufe vya gari huandikwa HUD, hakichori chochote ndani ya kioo. Kuna skrini ndogo chini ya dashibodi, na mwanga wake hupanda, hugonga kioo cha mbele na kurudi machoni. Kioo cha mbele kimelala sana, kwa hiyo mwanga hukigonga kwa pembe ya mteremko, mara nyingi karibu nyuzi 60 hadi 65 kutoka kwenye mstari unaosimama kwa pembe mraba juu ya uso wa kioo. Kwa pembe hiyo, kioo hubagua mwanga. Mwanga unaotetemeka kwa mlalo hurudishwa vizuri, ule unaotetemeka kwa wima hupita moja kwa moja na kwenda zake. Ukichukua nyuzi 65 na kioo cha kawaida, uso mmoja wa kioo hurudisha takriban sehemu 23 kati ya 100 za mwanga wa mlalo, lakini sehemu moja tu na kidogo ya mwanga wa wima. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana skrini ya kiwandani hupangwa itoe mwanga wa mlalo.

Miwani ya polaraizi nayo imetengenezwa kuzuia mwanga wa mlalo huohuo. Mng'ao unaoumiza macho kwenye lami iliyolowa baada ya mvua ya Tukuyu, au kwenye boneti ya gari linalokuja, ni mwanga wa mlalo. Miwani inafanya kazi yake sawasawa, ila haijui kutofautisha mng'ao wa lami na tarakimu za kasi yako. Ndiyo sababu kupandisha mwangaza hakusaidii: kinachopunguzwa ni karibu chote, na ukizidisha mara mbili kilichobaki bado ni kidogo mno mbele ya anga jeupe. Kuinamisha kichwa nako ni suluhisho la kushika shingo, kwani hata ukiinama nyuzi 30 unapata robo tu ya kile ambacho ungepata ukizungusha miwani mpaka isimame wima.

Kuzungusha huko kunatupa kipimo cha bure. Gari likiwa limesimama, vua miwani, ishike mbele ya jicho moja na uizungushe taratibu mpaka isimame wima, yaani robo ya mzunguko. Tarakimu zikirudi, tatizo ni miwani. Zisiporudi, tatizo ni mwangaza, kimo, au kifaa chenyewe. Na dukani, ukitaka kujua kama miwani ni ya polaraizi kweli, itazame sakafu ya vigae inayong'aa au boneti kupitia kioo chake huku ukiizungusha. Mng'ao ukija na kuondoka, ni ya polaraizi. Stika iliyobandikwa kwenye kioo cha miwani si ushahidi.

Sasa mpangilio wetu.

Cha kwanza: kionyeshi cha kiwandani kinachotumia kioo cha mbele chenyewe. Hiki hukinunui peke yake, unakipata ndani ya gari, kwa mfano baadhi ya Mazda CX-5 za kuanzia 2017 au BMW nyingi. Ndicho kinachopotea zaidi ukivaa polaraizi, na bado tunakiweka juu, kwa sababu kubadilisha miwani ni rahisi kuliko kubadilisha kifaa. Kioo chake cha ndani kilichopinda husogeza picha mbele, iwe kama iko mita mbili au zaidi kutoka kwako, hivyo jicho halihitaji kuhama sana kutoka barabarani.

Kuna kitu kimoja cha kukagua kabla ya kulipa. Kioo cha mbele cha gari hili si cha kawaida. Tabaka la plastiki lililo katikati yake ni nene kidogo juu kuliko chini, ili mwanga unaorudi kutoka uso wa ndani na ule unaorudi kutoka uso wa nje vilaliane mahali pamoja. Barabara kuu ya Tunduma ina malori mengi na mawe mengi yanayorushwa, na vioo hubadilishwa sana. Kama aliyekuwa na gari aliweka kioo cha kawaida, utaona tarakimu mbili, moja ikiwa kivuli cha nyingine kwa juu au chini kidogo. Hakuna mpangilio wa menyu unaoondoa hilo. Ukiliona yadini, punguza bei kwa kiasi cha kioo sahihi au achana na gari.

Cha pili: kibao cha plastiki kinachoinuka juu ya dashibodi. Mazda Axela za kuanzia 2013 zina mtindo huu kwenye madaraja ya juu, na vipo vya kununua pembeni. Kibao hakikulala kama kioo cha mbele na kina rangi ya kurudisha mwanga, kwa hiyo vingine hufifia tu badala ya kupotea. Lakini skrini iliyo ndani bado inatoa mwanga wa upande mmoja, basi usiamini neno la muuzaji, nenda na miwani yako. Faida yake nyingine ni kwamba kioo cha mbele kikipasuka, kionyeshi hakiguswi.

Cha tatu: kifaa cha kuweka juu ya dashibodi chenye stika ya kubandika kioo. Chagua kinachosoma kasi kwa GPS na kuchukua umeme kwenye tundu la sigara. Vile vya kuchomeka kwenye soketi ya OBD, ile ambayo fundi huchomekea mashine ya kupima gari, vina mtego wake hapa kwetu: magari mengi ya zamani yaliyotoka Japani yana soketi yenye pini 16 inayoingia vizuri, lakini kompyuta ya gari haizungumzi lugha ambayo kifaa kinaielewa, na skrini inabaki sifuri. Cha GPS hakijali gari, ingawa kwenye kuta za Kitonga kinaweza kuchelewa kidogo kusoma. Udhaifu mkubwa ni umbali wa picha. Hakina kioo kilichopinda, hivyo tarakimu zinaonekana karibu tu na kioo cha mbele na jicho lako lazima lihame kutoka mbali kuja karibu kila unapozisoma. Kwa miwani ya polaraizi, nacho hufifia, kwa sababu kioo ndicho kinachobagua mwanga hata kama taa zenyewe hazibagui. Kama huwezi kuachana na polaraizi, nunua cha taa za LED unachokitazama moja kwa moja kwenye dashibodi bila kupitia kioo. Hicho hakipotei.

Cha mwisho: simu iliyolazwa chini ya kioo. Mchana wa jua la Usangu mwangaza wa simu hautoshi, na simu ikipata joto hujipunguza mwanga yenyewe. Usiku tu.

Ukishachagua, mpangilio una mambo mawili na huanza na kimo, kwa sababu picha iliyokatika inafanana na picha hafifu. Kaa kama unavyoendesha, kiti na usukani vikiwa mahali pake pa kudumu. Mwanga wa kionyeshi unafika kwenye kijisanduku kidogo tu hewani, kipana kiasi cha sentimita 13 na chenye kimo cha sentimita chache, na macho yako lazima yawe ndani yake. Menyu ya kimo inageuza kioo kidogo ndani ya dashibodi ili kijisanduku kipande au kishuke. Bonyeza hatua moja moja mpaka uone kingo zote nne za picha. Kisha hakikisha tarakimu zimekaa juu kidogo ya boneti na chini ya mahali lami inapokutana na anga, ukiwa kwenye barabara tambarare kama ile ya Chimala, si mteremkoni. Gari likibebeshwa magunia ya viazi nyuma, pua inapanda na tarakimu zinapanda nayo. Shusha hatua moja siku hiyo. Kwenye magari yenye menyu ya Kijapani, tafuta 高さ kwa kimo na 明るさ kwa mwangaza.

Mwangaza upange mara mbili. Mchana acha uwe wa kujirekebisha wenyewe, kisha ongeza au punguza kidogo mpaka tarakimu zisomeke dhidi ya lami, si dhidi ya anga. Usiku, nje ya mji kusiko na taa, angalia kama kuna mstatili wa kijivu unaozunguka tarakimu. Huo ni mwanga unaovuja wa skrini na unakula uwezo wako wa kuona mtu anayetembea pembeni. Punguza mpaka mstatili upotee, hata kama tarakimu zitaonekana za kawaida tu.

Kuna hali moja ya nyanda za juu inayochanganya watu. Kwenye ukungu wa Njombe au Makete asubuhi unawasha taa za mbele, na katika baadhi ya magari kuwasha taa hufanya dashibodi yote, pamoja na kionyeshi, ijidhani ni usiku. Tarakimu zinafifia mbele ya weupe wa ukungu. Dawa ni gurudumu dogo la mwanga wa dashibodi karibu na usukani. Lizungushe juu hadi mwisho. Halafu kagua tundu la kionyeshi. Vumbi la kiangazi likilijaa picha huwa na utando, na zulia la manyoya la dashibodi hulifunika kabisa. Pangusa kwa kitambaa laini kikavu, bila spiriti.

Kuhusu miwani, nunua ya kijivu isiyo ya polaraizi, daraja la 3, yaani inayopitisha mwanga kati ya asilimia 8 na 18. Kwa siku za mawingu daraja la 2 inatosha. Daraja la 4 si ya kuendeshea gari kabisa. Tarajia kwamba lami iliyolowa itang'aa zaidi kuliko ulivyozoea. Hiyo ndiyo gharama ya kuziona tarakimu. Anayeendesha zaidi wakati wa mvua, kati ya Tukuyu na Kyela kwa mfano, anaweza kuamua kinyume: akabaki na polaraizi yake na kusoma kasi kwenye dashibodi ya kawaida. Lakini hapo pia ajaribu kwanza, kwa sababu baadhi ya dashibodi za skrini nazo hugeuka nyeusi nyuma ya miwani hiyo.